Duka la nje limesema limerudisha hela, akaunti haina kitu: hatua za kufuata ukiwa Tanga

Duka la mtandaoni likikuandikia kwamba hela yako imesharudishwa, usikimbilie kuhesabu siku. Wengi huanza kuhesabu tangu siku walipogombana na duka, au tangu siku waliyokata tamaa na mzigo. Matokeo yake wanafika benki mapema mno na kuambiwa wasubiri, au wanasubiri kwa ustaarabu mpaka muda wa kulalamika unawapita. Kitu cha kwanza kujua ni hela yako iko mkononi mwa nani kwa sasa, kwa sababu kila anayeishika ana saa yake, na kila mmoja anaulizwa swali lake.

Hapa nazungumzia aliyelipa kwa kadi, iwe ya benki au ile ya namba tupu inayotengenezwa ndani ya simu, kwenye duka lililo nje ya nchi. Nina duka la stesheneri hapa Chumbageni, na watu wanaokuja kuchapisha taarifa za akaunti kwa ajili ya jambo hili wamenifundisha mengi. Nitafuata mfano wa mmoja wao, fundi cherehani wa Ngamiani, Barabara ya 9, aliyeagiza mota ya cherehani ya kudarizi kutoka duka la Marekani kwa dola 84. Amekubali nieleze yake mradi nisimtaje jina.

Hatua ya kwanza: jua kama hela iliondoka au ilifungiwa tu

Ukilipa kwa kadi mtandaoni, mambo mawili hutokea kwa nyakati tofauti. Papo hapo duka linaiuliza benki yako kama hela ipo. Benki inajibu ndiyo, inafungia kiasi kile usikiguse, na wewe unapata meseji ya kukatwa. Hela bado iko benki kwako. Baadaye, mara nyingi ndani ya siku moja hadi tatu, duka linaleta dai kamili, na hapo ndipo hela inapotoka kweli kwenda kwa benki ya duka.

Tofauti hii ndiyo inayoamua kila kitu kinachofuata. Oda ikifutwa kabla ya dai kuletwa, hakuna hela ya kurudishwa, kwa sababu haikuwahi kuondoka. Duka linaiambia benki yako ifungue, na salio lako la kutumia linapanda bila mstari wowote mpya kuonekana kwenye taarifa ya akaunti. Hapo mtu anaweza kukaa wiki nzima akisubiri meseji ya kuingia kwa hela, kumbe hela aliipata zamani na ameshainunulia unga. Duka lisipotuma agizo la kufungua, benki huachia yenyewe muda wake ukifika. Kila benki ina muda wake, na kwa kawaida ni kati ya wiki moja na mwezi.

Namna ya kutambua ni kufungua programu ya benki yako au kuomba taarifa ya akaunti. Malipo yakiwa yameandikwa `Pending`, au yakionekana kwenye salio la kutumia tu na si kwenye orodha ya miamala iliyokamilika, bado yamefungiwa. Yakiwa kwenye orodha ya iliyokamilika, hela imeondoka, na kurudi kwake ni safari nyingine kabisa. Basi lililotoka Tanga kwenda Dar halirudi kinyumenyume. Linapangwa basi jingine, lenye ratiba yake na namba yake. Ndivyo yanavyokuwa marejesho ya kadi. Duka linatuma muamala mpya kupitia benki yake, unapita kwenye mtandao wa Visa au Mastercard, unafika benki yako, na benki yako ndiyo inayouingiza kwenye akaunti.

Fundi wetu alilipa tarehe 11 Juni 2025. Taarifa yake ilionyesha muamala umekamilika tarehe 13. Duka lilimwambia tarehe 20 kwamba mota imeisha, na tarehe 23 Juni likamwandikia kwamba limerudisha dola zote 84. Kwa hiyo hela yake ilikuwa imeondoka, na tarehe ya kuanzia kuhesabu ni 23 Juni, si ile 11 wala 20.

Hatua ya pili: soma maneno ya duka kwa makini, kisha hesabu

Maneno matatu huchanganywa. Duka likisema ombi lako limekubaliwa, bado halijatuma kitu, limekubali tu. Likisema marejesho yanashughulikiwa, huenda mtu wa hesabu hajabonyeza. Likisema `Refunded` au `Refund issued` pamoja na tarehe na kiasi, hapo ndipo saa inapoanza. Na ukiona `Store credit`, usisubiri benki hata siku moja, maana hela haikutumwa kwenye kadi. Imewekwa kama salio ndani ya duka lenyewe ili ununue kitu kingine kwao. Mara nyingi mnunuzi mwenyewe alibonyeza chaguo hilo kwa sababu ndilo lililowekwa juu kwa rangi ya kuvutia. Waandikie siku hiyohiyo uombe ihamishiwe kwenye kadi uliyolipia.

Baada ya duka kutuma, muda wa kawaida ni siku 5 hadi 10 za kazi. Marejesho machache hufika mapema zaidi, na yapo yanayovuta hadi karibu mwezi, hasa yakivuka mipaka. Mimi nawaambia watu wawe watulivu mpaka siku ya 10 ya kazi iishe, na kuanzia siku ya 11 waanze kushika kalamu.

Siku za kazi zihesabu kwa nchi zote mbili. Kwa fundi, hesabu ilianza 24 Juni. Ijumaa ya tarehe 27 ilikuwa siku ya nne, Alhamisi ya tarehe 3 Julai ikawa ya nane. Tarehe 4 Julai Wamarekani wana sikukuu yao, tano na sita zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu tarehe 7 ilikuwa Saba Saba kwetu. Siku ya tisa ikaangukia 8 Julai na ya kumi 9 Julai. Angehesabu siku za kalenda, angeenda kulalamika tarehe 3 akiwa amebakiza siku mbili za kazi.

Kama mzigo ulikufikia na ukaurudisha, saa ya duka haianzi siku uliyoutuma. Inaanza wanapoupokea na kuukagua. Tunza risiti ya posta au ya kampuni ya usafirishaji yenye namba ya kufuatilia, kwa sababu huo ndio ushahidi pekee wa siku waliyoupokea.

Hatua ya tatu: tafuta kwenye taarifa ya akaunti, si kwenye meseji

Benki nyingi hutuma meseji haraka unapokatwa hela, lakini marejesho ya kadi yanaweza kuingia kimya. Omba taarifa ya akaunti kuanzia siku duka lilipotuma hadi leo, kisha tafuta kwa kiasi, usitafute kwa jina la duka. Jina linaloonekana linaweza kuwa la kampuni mama au la kampuni inayowakusanyia malipo, nawe ukalipita bila kulijua.

Hata kiasi hakitalingana sawasawa. Duka linarudisha dola, na benki yako inazigeuza kuwa shilingi kwa bei ya siku zilipofika. Ulipolipa, benki ilikuuzia dola kwa bei yake ya juu. Zinaporudi, inazinunua kwako kwa bei ya chini. Fundi alikatwa kwa shilingi 2,700 kwa dola, yaani 226,800. Zilipogeuzwa kwa 2,600 zilikuwa 218,400. Hizo 8,400 zilizopungua hazikuibwa na duka, na ukiliandikia duka kuzidai utapoteza wiki bure, maana kwao dola 84 zimetoka na dola 84 zimerudi. Ada ya benki ya kulipia nje ya nchi, kama ilikuwepo, nayo kwa kawaida hairudi. Kwa hiyo ukitafuta, tafuta kiasi kilicho jirani na kile ulichokatwa.

Hatua ya nne: liombe duka namba, usiliombe huruma

Ukiwa na uhakika kwamba hela haimo, rudi kwa duka kabla ya kwenda benki. Najua inauma, kwa sababu duka limeshasema limemaliza kazi yake. Lakini lina kitu ambacho benki yako inakihitaji na wewe huna, nacho ni ARN. Hiyo ni namba ya tarakimu 23 ambayo benki ya duka huupa kila muamala unaopita kwenye mtandao wa kadi. Marejesho yana ARN yake, tofauti na ya manunuzi. Kwa namba hiyo kitengo cha kadi cha benki yako kinaweza kuutafuta muamala wenyewe hata kama hauonekani kwenye akaunti yako.

Andika kwa barua pepe au kwenye ukurasa wao wa msaada, pahali ambapo maandishi yanabaki. Mazungumzo ya simu hayana faida hapa. Tumia Kiingereza chepesi, sentensi chache, na uulize mambo manne tu: marejesho yalitumwa tarehe gani, kiasi gani na kwa sarafu ipi, kwenye kadi inayoishia na tarakimu zipi nne, na ARN ya marejesho ni ipi. Weka namba ya oda juu kabisa. Usiandike namba yote ya kadi, wala ile ya tarakimu tatu ya nyuma. Duka halizihitaji.

Majibu yenyewe yana mengi ya kukufundisha. Ukipewa ARN, hela ilitoka kweli, na sasa swali ni la benki yako. Ukiambiwa subiri siku mbili tatu ndipo namba ipatikane, ni jambo la kawaida ikiwa wametuma juzi tu, maana namba hutokea muamala unapopita benki ya duka. Lakini duka likisema lilituma wiki tatu zilizopita na halina ARN, mara nyingi ina maana kwamba walibonyeza na muamala ukakwama kwao, au hawakubonyeza kabisa. Waambie hivyo bila ukali na uwape siku tano za kazi za kutuma upya au kuleta namba.

Na wakikutajia tarakimu nne za mwisho ambazo huzitambui, simama hapo. Jambo hili hutokea sana kwa wanaoagiza kupitia kijana wa Dar au ndugu mwenye kadi. Marejesho hurudi kwenye kadi iliyolipa, si kwa aliyetaka mzigo. Kama uliagiziwa, hela yako iko au itakuja kwa yule aliyekuagizia, na ni yeye tu mwenye haki ya kwenda benki kudai. Mwombe ARN na ukurasa wa taarifa yake ya akaunti wa siku hizo. Mtu mwaminifu hatakunyima.

Fundi aliandika tarehe 10 Julai. Kesho yake akajibiwa kwa ARN kamili, na zile tarakimu nne zilikuwa za kadi aliyoipoteza kwenye bajaji katikati ya Juni. Kadi ile ilifungwa tarehe 16 na benki ikampa mpya yenye namba nyingine. Hapo ndipo tulipoelewa hela ilikotegea.

Hatua ya tano: nenda benki na maandishi

Kadi iliyofungwa au kubadilishwa haizuii marejesho kufika benki. Mara nyingi benki huunganisha namba ya zamani na akaunti yako, na hela inaingia kama kawaida. Isipounganishwa, muamala hukaa kwenye akaunti ya muda ya benki ukisubiri mtu aushughulikie, na unaweza kukaa hapo mpaka mwenyewe aulize. Kama akaunti yote ilifungwa, benki huurudisha kwa benki ya duka, na unalazimika kukubaliana na duka njia nyingine ya kulipwa. Kwa kadi za ndani ya simu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu watu huzifuta kila wakimaliza kununua. Ukiwa unasubiri marejesho, usiifute kadi hiyo. Kama umeshaifuta, peleka kwa mtoa huduma ARN pamoja na risiti ya malipo ya mwanzo.

Pale kaunta, mhudumu anaona akaunti yako tu. Akifungua na kukuta hakuna kilichoingia, atakwambia kwa nia njema, "Mama, subiri, ikiingia utapata meseji." Fundi alijibiwa hivyohivyo. Naye akamjibu, "Mwanangu, nimeshasubiri. Naomba barua hii uipeleke kitengo cha kadi, na uniandikie namba ya lalamiko." Hapo mazungumzo yakabadilika, kwa sababu lalamiko lililosajiliwa lazima lijibiwe na mtu.

Barua yake ilikuwa hivi, nawe unaweza kuibadilisha tarehe na kiasi:

> Naomba mfuatilie marejesho ya fedha ambayo hayajaingia kwenye akaunti yangu. Tarehe 11 Juni 2025 nililipa dola 84 mtandaoni kwa kadi inayoishia na tarakimu ____. Duka lilirudisha kiasi chote tarehe 23 Juni 2025, na ARN ya marejesho ni ____. Kadi hiyo ilifungwa tarehe 16 Juni 2025 baada ya kupotea, nami nikapewa nyingine. Naomba kitengo cha kadi kitafute muamala huu kwa namba hiyo na kunijibu kwa maandishi. Nimeambatanisha ujumbe wa duka, risiti ya malipo na taarifa ya akaunti. Naomba pia namba ya kumbukumbu ya lalamiko hili.

Chapisha nakala mbili, moja ubaki nayo ikiwa imegongwa muhuri na tarehe. Muhuri huo utakuwa na thamani kubwa kuliko barua yenyewe endapo mambo yatafika mbali.

Benki ilimjibu fundi kwamba muamala ulifika kwao tarehe 27 Juni na ulikuwa umekaa kwenye akaunti ya muda kwa sababu ya namba ya kadi ya zamani. Shilingi 218,400 ziliingia tarehe 17 Julai. Bila ARN, angeendelea kulilaumu duka la Marekani kwa hela iliyokuwa imeshatua hapa nchini.

Hatua ya sita: kupinga muamala

Duka likikaa kimya, likikataa kurudisha kile lilichokubali kwa maandishi, au likishindwa kutoa ARN baada ya muda uliowapa, kuna dai rasmi ambalo benki yako inalipeleka kwa benki ya duka kupitia Visa au Mastercard. Benki zetu hulijazia fomu ya kupinga muamala. Duka linapewa nafasi ya kujibu, na likishindwa kujitetea, hela inachukuliwa kutoka benki yake.

Muda wake una ncha mbili. Kwa marejesho yaliyoahidiwa yasionekane, kanuni za Visa zinaitaka benki isubiri kwanza siku 15 za kalenda tangu tarehe ya hati ya marejesho. Kwa upande wa mwisho, kikomo cha kawaida cha Visa na Mastercard ni siku 120. Siku hizo huanza kuhesabiwa pahali tofauti kulingana na aina ya dai, kwa hiyo njia salama ni kujihesabia tangu siku uliyolipa. Kwa fundi, dai lisingefunguliwa kabla ya 8 Julai, na kwa hesabu hiyo ya usalama lisingepaswa kuvuka 9 Oktoba 2025. Usiifikie siku ya 119. Benki nayo inahitaji muda wa kuandaa faili, na huenda ikajiwekea kikomo kifupi zaidi kwa wateja wake. Ukifika siku ya 60 bila ufumbuzi, jaza fomu hata kama duka bado linakuahidi. Duka lisilo jema linajua hesabu hii, na ahadi za "wiki ijayo" huwa zinakupeleka taratibu mpaka mlango ufungwe.

Kosa linaloua madai mengi liko kwenye fomu yenyewe. Kuna sehemu ya kusema sababu, na mara nyingi mteja, au hata mhudumu anayemsaidia, huweka alama pale palipoandikwa kwamba muamala haukufanywa na mwenye kadi. Si kweli. Wewe ndiye uliyenunua, na pengine uliingiza namba ya siri ya mara moja iliyotumwa kwenye simu yako. Duka likionyesha ushahidi huo dai linaanguka, na kadi yako inakuwa imefungwa bure kwa sababu benki inadhani umeibiwa. Chagua sababu ya marejesho kutoingia, au ya kutopokea bidhaa ikiwa ndivyo ilivyokuwa, na uambatanishe ujumbe wa duka unaotaja kiasi na tarehe. Ujumbe huo ndio moyo wa dai. Bila duka kukiri popote kwamba linarudisha, utalazimika kuthibitisha kwamba ulifuta oda kwa masharti yao, au kwamba mzigo haukufika.

Jambo jingine, usipinge muamala huku ARN inaonyesha hela iko njiani. Ukilipwa mara mbili, moja itachukuliwa tena, na duka linaweza kuifunga akaunti yako kwao. Majibu ya dai huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Ikiwa benki itakuwekea hela kabla dai halijaisha, usiitumie ukidhani ni yako moja kwa moja. Duka likishinda, benki inaiondoa.

Hatua ya saba: ikiwa kinachokwama ni benki yako

Benki Kuu ya Tanzania ina dawati la malalamiko ya watumiaji wa huduma za fedha, na kuna kanuni za kuwalinda za mwaka 2019. Dawati hilo linasikiliza malalamiko dhidi ya benki na watoa huduma za fedha walio chini ya Benki Kuu. Halina uwezo juu ya duka la Marekani au China. Kwa hiyo lalamiko lako liwe juu ya kile benki ilichofanya au kuacha: haikujibu barua, haikutafuta muamala ambao umeipa ARN yake, ilikataa kupokea fomu ukiwa ndani ya muda. Ukiandika kurasa tatu za ubaya wa duka, utaambiwa uende kwingine.

Lazima uwe umeanza kwa benki yako na kuipa nafasi ya kujibu. Hapo ndipo ile nakala yenye muhuri inapofanya kazi, pamoja na namba ya lalamiko. Tanga hatuna tawi la Benki Kuu, lakini huhitaji nauli. Malalamiko yanapelekwa kwa maandishi. Weka ukurasa mmoja wa tarehe na matukio kwa mpangilio, kisha viambatisho nyuma yake vikiwa na namba.

Kama muuzaji yuko hapa nchini na ulimlipa kwa pesa za simu, habari ya siku kumi isikubabaishe. Akituma kweli, hela inafika simuni papo hapo, na kuna namba ya muamala kwenye meseji yake. Mwombe namba hiyo, kisha uipeleke kwa mtandao wako wa simu waikague. Asipokuwa nayo, hajatuma. Muuzaji wa ndani anayekataa kurudisha hela anaweza kulalamikiwa Tume ya Ushindani, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 nayo ina vifungu vya kumlinda anayenunua kwa njia hii.

Wakati wote huu unaposubiri, jihadhari na watakaokutafuta. Ukiandika malalamiko yako hadharani kwenye ukurasa wa duka au wa benki, matapeli husoma, kisha hukupigia wakijiita huduma kwa wateja, wakijua mpaka kiasi unachodai kwa sababu umekiandika mwenyewe. Marejesho ya kadi hayahitaji namba yako ya siri, hayahitaji ile namba ya mara moja inayoingia kwa meseji, na hayana ada ya kulipa kwanza ili yafunguliwe. Anayekuomba kimojawapo ni mwizi. Kata simu, na kama alikutumia ujumbe, utume kwenda 15040 pamoja na namba yake.